Kona huamuliwa hatua moja kabla: jibu kwa winga anayeteleza akikata ndani

"Shikamoo kocha. Nina miaka 21, kilo 68, nacheza winga ya kulia kwenye ligi ya mtaa hapa Temeke, ila mguu wangu ni wa kushoto. Mbio ninazo. Tatizo ni pale ninapotaka kukata ndani: ama nateleza, ama napitiliza hatua tatu nne na beki ananikuta. Kocha wetu ananipigia kelele 'shuka chini, shuka chini', nikiinama ndiyo kabisa naanguka. Na sasa goti la kulia limeanza kuuma kwa mbele baada ya mechi. Nibadilishe viatu, nifanye mazoezi gani, au ndivyo mwili wangu ulivyoumbwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la mwisho, maana ndilo linalowakatisha vijana tamaa bure: kugeuka ni ufundi, na ufundi hufundishika. Katika miaka yangu ya kufanya kazi na wachezaji, kama kocha wa viungo na kama mtu wa fiziotherapia, wengi walioniletea malalamiko kama yako walikuwa ndio wenye mbio kuliko wenzao. Mwenye mbio kidogo hahitaji breki kubwa. Wewe unazihitaji, na kwa maelezo yako naona unazifunga kwa mguu usio wake, tena umeshachelewa. Kuteleza, kupitiliza na hilo goti la kulia naamini vina chanzo kimoja. Sijakuona ukicheza, kwa hiyo huko mbele nitakueleza namna ya kuthibitisha mwenyewe.

Tufuate miguu yako hatua kwa hatua. Unapanda na mstari wa kulia, unataka kuingia kushoto. Mguu unaokusukuma kwenda kushoto ni wa kulia: unautupa nje, unakanyaga, unajisukuma. Huo tuuite mguu wa kona. Hatua iliyoutangulia ilikuwa ya mguu wa kushoto, na huo tuuite mguu wa breki. Wachezaji wengi hudhani kona yote iko kwenye mguu wa kona, kwa sababu ndio unaosikika mwilini na ndio unaoonekana na watazamaji. Kumbe mguu wa kona unapogusa ardhi, mambo makubwa yameshaamuliwa. Ukifika pale ungali na mbio zote, unaulazimisha mguu mmoja ufanye kazi mbili kwa mara moja: kukusimamisha usiende mbele, na kukusukuma uende pembeni. Hauwezi. Ama udongo unaachia na unateleza, ama goti linabeba mzigo usio wake, ama mwili unakubali kushindwa na kuchukua hatua nyingine tatu.

Tupige hesabu kidogo, kwa kilo zako mwenyewe. Tuseme unakimbia mita 7 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa winga anayechanja mstari, na ili ugeuke vizuri kwenye kona kali unatakiwa ubaki na mita 3 kwa sekunde. Nishati unayopaswa kuimaliza ni kama jouli 1,360. Ukijaribu kuimaliza ndani ya mita 1 tu, yaani karibu yote kwenye ule mguu wa mwisho, ardhi itabidi ikurudishe nyuma kwa nguvu ya wastani inayokaribia mara mbili ya uzito wako. Ukiigawa kwenye mita 3, yaani hatua mbili au tatu za kabla ya kona, wastani huo unashuka hadi kama theluthi mbili ya uzito wako. Kilo ni zilezile na kasi ni ileile, kilichobadilika ni mahali ulipoanza kufunga breki. Na zingatia kwamba nishati hii hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza mbio mara mbili, kazi ya breki inakuwa mara nne. Ndiyo maana kona unayoiweza vizuri mazoezini, ukikimbia nusu nusu, inakukataa siku ya mechi.

Kuna jambo la muda pia. Kwenye kona ya digrii 90 hivi, mguu wa kona hukaa ardhini kama robo ya sekunde. Wataalamu waliochambua video za wachezaji waliokatika, bila kuguswa na mtu, ligamenti ya msalaba ya mbele ya goti, ile kamba ngumu inayoshikanisha mfupa wa paja na wa chini yake, wanakadiria kwamba inakatika karibu milisekunde 40 tu baada ya mguu kugusa chini. Mtu hawezi kusikia goti linakwenda vibaya kisha akalirekebisha ndani ya muda huo, hata awe mwepesi kiasi gani. Goti litabeba kona hiyo katika mkao uleule uliotua nao. Kwa hiyo kocha akikupigia kelele wakati mguu wa kulia unatua, ushauri wake ni mzuri ila umechelewa. Kazi ya kushuka ilipaswa kuwa imefanyika hatua moja nyuma.

Sasa kwa nini mguu wa kushoto ndio ufunge breki, na si wa kulia? Sababu iko kwenye umbo la goti. Goti ni kama bawaba ya mlango: limejengwa kukunjika na kunyooka kwa mbele na nyuma. Kwenye hatua ya breki bado unakwenda mbele moja kwa moja, hujaanza kugeuka, kwa hiyo mzigo wote unaingia kwenye njia ambayo bawaba inaijua. Misuli mikubwa ya mbele ya paja inaachia taratibu huku ikivuta, na ile ya makalio inasaidia. Kwenye mguu wa kona mambo ni tofauti. Pale kuna kusukumwa pembeni na kusokotwa juu ya kule kukunjika, na goti halina misuli mikubwa ya kupambana na mambo hayo mawili. Linategemea zaidi ligamenti. Basi mzigo wa breki ubebwe kadiri inavyowezekana na hatua ambayo goti liko salama, ili mguu wa kona ubakiwe na kazi yake tu.

Hatua ya breki ikifanywa vizuri inaonekana hivi. Mguu wa kushoto unatua mbele ya mwili. Wakati wa kukimbia kasi unatua karibu chini ya nyonga, lakini hapa unautuma mbele kidogo kwa makusudi. Unatua kwa kisigino au kwa unyayo mzima, mguu wa chini ya goti ukiwa umelala kidogo kwa nyuma, kama mtu anayezuia mkokoteni kwenye mteremko. Mara tu unapotua, kifundo, goti na nyonga vinakunjika pamoja, na kiuno chako kinashuka. Hapo ndipo "shuka chini" inapotokea. Kushuka si tendo la peke yake unaloliongeza juu ya breki. Ni ile breki yenyewe, kwa sababu viungo vinavyokunjika vinakupa muda na umbali wa kupunguza kasi. Mguu ulionyooka hauna pa kukunjikia, nao unagonga ardhi kama mti.

Na hapa ndipo wewe na kocha wako mmepishana. Yeye anasema shuka, wewe unainama. Kuinama ni kukunja mgongo: kifua na kichwa vinakwenda mbele, magoti yanabaki karibu yamenyooka, na kiuno hakijashuka hata kwa upana wa kiganja. Ile sehemu ya katikati ya uzito wako, ambayo mtu akiwa amesimama iko karibu chini kidogo ya kitovu, haijashuka sana. Imesogea mbele, upande uleule ambao mbio zako zinakuvuta. Umejiongezea sababu ya kuanguka. Kushuka kwa kweli ni kiuno kushuka huku kifua kikiwa kimelala mbele kidogo tu na macho yakitazama mbele. Mkanda wa bukta yako ndio kipimo. Kama kwenye video mkanda umeshuka, umeshuka. Kama ni kichwa tu kilichoshuka, umeinama.

Faida ya kuwa chini naomba uielewe vizuri, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kukumbushwa. Unapofunga breki, ardhi inaurudisha mguu wako nyuma huku mwili wa juu ukitaka kuendelea mbele. Hapo mwili unapata nia ya kupinduka juu ya mguu, kama abiria waliosimama kwenye daladala linapofunga breki ghafla. Kadiri uzito wako ulivyo juu, ndivyo nguvu hiyo ya kupindua inavyokuwa kubwa. Angalia abiria mzoefu: hainami, anapanua miguu na kukunja magoti. Faida ya pili ni kwamba mguu uliokunjika una nafasi ya kunyooka, na kunyooka ndiko kunakokurusha nje ya kona. Ila nisikufiche, kushuka kuna gharama yake. Ukishuka mno, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda, utapoteza muda wa kupanda tena na beki atakufikia. Kiasi kinachofaa hutegemea nguvu ya mapaja yako. Mwenye nguvu anaweza kushuka sana na kutoka haraka. Asiye nayo akishuka vile anabaki huko chini.

Tuje kwenye mguu wa kona wenyewe. Swali la kwanza ni utue umbali gani nje. Mguu wa kulia lazima utue nje ya mwili, upande wa kinyume na unakokwenda, kwa sababu unasukuma ardhi kulia ili ardhi ikusukume kushoto. Ukitua chini ya kiuno, unaweza kujirusha juu lakini si pembeni. Ukitua mbali sana, pembe ya kusukumia inakuwa kali, kona inakuwa na nguvu, lakini vitu viwili vinakungoja: mguu unateleza kwa urahisi zaidi, na goti linavutwa kuingia ndani kwa nguvu zaidi. Hili ni jambo gumu ambalo sisi watu wa fani hii hatuna njia ya kulikwepa: upana uleule unaofanya kona iwe kali ndio unaopandisha mzigo wa goti. Kwa mchezaji wa umbo lako ninaanzia kwenye urefu wa kiatu kimoja na kidogo zaidi, kupima kutoka mstari wa katikati ya mwili hadi kwenye mguu. Unaongeza upana baadaye, mapaja na makalio yakishaweza.

Swali la pili ni vidole vitazame wapi. Unyayo ukitazama mbele kabisa wakati mwili unageuka kushoto, kiatu kinashikilia udongo huku paja likizunguka juu yake, na goti ndilo linalosokotwa katikati. Kwa hiyo anza kuzungusha nyonga na mabega kuelekea kushoto tangu kwenye hatua ya breki, ili mguu wa kulia utue ukiwa tayari umeelekea kidogo kule unakokwenda. Kidogo, narudia. Ukiugeuza sana utashindwa kusukuma kwa ukingo wa ndani wa unyayo na kidole gumba, ambako ndiko nguvu inakotokea. Goti lifuate mstari wa vidole, na litue likiwa tayari limekunjika. Likitua limenyooka, misuli ya nyuma ya paja haipati pembe nzuri ya kuuvuta mfupa wa chini na kuilinda ile ligamenti.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye mguu wa kona haliko mguuni. Liko kifuani. Mchezaji anautupa mguu kulia na kifua nacho kinalalia kulia, juu ya mguu. Wengine hufanya hivyo kwa makusudi, kumdanganya beki. Udanganyifu huo una kazi yake mpirani, siwezi kukukataza kabisa, lakini ujue bei: kifua kikilalia upande wa mguu wa kona, uzito wako unalisukuma goti liingie ndani, na kisha inabidi kwanza uurudishe mwili katikati ndipo uondoke. Mwili wa juu ubaki wima au ulalie kushoto, kule uendako. Kama unataka kumdanganya beki, mdanganye kwa macho, kwa bega dogo, na kwa hatua moja ya mapema kabla ya breki.

Kuhusu kiwanja na viatu. Viwanja vingi vya mtaani kwetu ni udongo mgumu wenye changarawe juu yake. Changarawe hizo hufanya kama gololi: kiatu hakigusi ardhi yenyewe, kinapanda juu ya kitu kinachoviringika. Uwezo wa ardhi kukushika unategemea unavyoikandamiza kwenda chini ukilinganisha na unavyoisukuma pembeni. Pembeni ikizidi, unateleza, uwe umevaa nini. Ukipunguza mbio mapema, msukumo wa pembeni unaouhitaji unapungua, na udongo uleule uliokuwa unakuachia unakushika. Ndiyo maana sikuanza na viatu. Hata hivyo, kama unavaa njumu zenye meno marefu machache kwenye udongo mkavu, ziache. Meno hayo hayazami, unasimama juu ya ncha sita au nane tu. Chukua kiatu chenye meno mafupi mengi. Na siku mkialikwa kwenye nyasi bandia usivae meno marefu makali, kwa sababu kule shida inageuka: kiatu kinashika kupita kiasi, na usipoteleza mguu, goti ndilo linasokotwa.

Sasa namna ya kuthibitisha, na hapa uwanja wako wa udongo una zawadi ambayo nyasi hazina. Nenda asubuhi kabla hakujakanyagwa. Lainisha kwa fagio eneo la mita tano kwa tano, weka koni au chupa, panda kwa kasi ya robo tatu na ukate ndani bila mpira. Kisha rudi usome udongo. Niliwahi kufanya hivi na winga mmoja mwenye tatizo kama lako. Mguu wake wa kushoto, ule wa kabla ya kona, uliacha alama ya mbele ya kiatu tu, safi, kama ya mtu anayeendelea na mbio. Mguu wa kulia uliacha mchirizi unaozidi urefu wa kiatu, umekwenda mbele na kulia, na mwisho wake palikuwa na shimo dogo mahali kidole gumba kilipokuja kushika. Hakuhitaji maneno mengi. Alichutama pale, akaweka kidole kwenye alama ya kushoto, akasema, "Hapa sikufanya kitu."

Tulifanya naye kazi wiki sita, mara mbili kwa wiki. Mwishoni alama zilikuwa zimebadilishana: mguu wa kushoto uliacha alama ya kisigino iliyokandamizwa, udongo ukiwa umelundikana kidogo mbele ya vidole, na wa kulia uliacha alama fupi, udongo umejaa kwenye ukingo wa nje tu. Hiyo ndiyo picha unayoitafuta. Simu nayo ikusaidie: mwenzako akupige video ya mwendo wa taratibu, mara moja kutoka ubavuni aone mkanda wa bukta unavyoshuka kwenye hatua ya kushoto, na mara moja akiwa mbele yako aone goti la kulia na kifua.

Mazoezi yenyewe usiyaanze na kona. Anza na kusimama. Kimbia mita 10 kwa nusu ya mbio zako, kisha simama kwa hatua tatu, ukimalizia mguu wa kushoto uko mbele, magoti yamekunjwa, na utulie hapo kwa sekunde mbili bila kuyumba. Ukiyumba, kasi ilikuwa kubwa kuliko breki zako. Fanya mara sita, kisha mara sita ukimalizia kwa mguu wa kulia, kwa sababu siku nyingine utapanda winga nyingine. Pumzika kama dakika moja kati ya mbio na mbio. Hili ni zoezi la ufundi, na mapaja yaliyochoka hukufundisha ufundi mbaya. Wiki ya pili, badala ya kutulia, geuka kwa digrii 45. Wiki ya tatu au ya nne fika digrii 90 na kasi ya robo tatu. Mbio kamili zije mwisho, na beki wa kukukimbilia aje baada ya hapo, maana kona unayolazimika kuiamua ghafla hupakia goti zaidi ya ile uliyoipanga. Siku mbili kwa wiki zinatosha, ukiacha angalau siku mbili katikati, kwa sababu breki ndizo zinazoacha mapaja yakiuma kesho yake.

Pamoja na hayo jenga nguvu ya kuachia taratibu. Chuchumaa kwa mguu mmoja ukishukia kwenye kiti, ukihesabu tatu wakati wa kushuka, mara nane kila mguu. Kwa misuli ya nyuma ya paja, piga magoti, mwenzako akushike vifundo, uanguke mbele polepole ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi kichwani, na upokelewe na mikono; mara nne au tano zinatosha mwanzoni, kwa sababu zoezi hili linauma lisipozoeleka. Na mwambie kocha wako kuhusu mpango wa kupasha mwili unaoitwa FIFA 11+. Una mazoezi 15, unachukua kama dakika 20, hauhitaji vifaa vya gharama, na sehemu yake ya mwisho ina kukanyaga na kukata kona. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na majeraha makubwa yalipungua karibu kwa nusu.

Ukianza kutumia mpira, kuna jambo moja linaharibu yote: mguso wa mwisho kuwa mrefu. Mpira ukiwa mita tatu mbele utaufuata, na huwezi kufunga breki huku unafukuzia. Kabla ya kukata, mpira uwe umbali wa hatua moja, na hatua zako ziwe zimefupika. Tafuta video za Arjen Robben alipokuwa Bayern: mguu wa kushoto, winga ya kulia, kama wewe. Usitazame shuti lake. Tazama hatua fupi nyingi kabla ya kuingia ndani, namna anavyoubakiza mpira karibu, kisha mguu wa kulia unakanyaga na ukingo wa nje wa mguu wa kushoto unausukuma mpira ndani.

Na usilazimishe digrii 90 kila mara. Breki kubwa zinamwambia beki unachotaka kufanya na zinampa muda. Kama kuna nafasi, kona ya digrii 45 haihitaji kupunguza mbio sana. Mguu wa kona unafanya karibu kazi yote peke yake na unatoka na sehemu kubwa ya kasi uliyoingia nayo. Kona kali iweke kwa yule beki aliyesimama karibu nawe sana, au aliyekuja kwa kasi na hawezi kusimama. Yeye naye ana breki zake, na akipitiliza, wewe uliyeshuka mapema ndiye unayebaki na mpira.

Sasa goti. Maumivu ya mbele yanayokuja baada ya mechi, chini kidogo au kuzunguka kilegesambwa, yanayopungua ukipumzika siku mbili, mara nyingi ni kano na kilegesambwa vinavyolalamika kwa kubebeshwa breki zote peke yao. Hilo linaendana na hadithi yako: mguu wa kulia unafanya kazi ya miguu miwili. Kwa wiki mbili hivi punguza kona kali na kuruka, endelea na mazoezi ya nguvu yasiyopandisha maumivu zaidi ya matatu kwa kumi, na uangalie asubuhi inayofuata. Likiwa limerudi kama lilivyokuwa, mzigo ulikuwa sawa. Likiwa limezidi, punguza. Na kusimama kwa hatua tatu kuanze tu pale unapoweza kushuka ngazi bila maumivu.

Lakini usijitibu kwa maneno yangu kama ulisikia mlio wa "pa!" ndani ya goti siku fulani, kama lilivimba ndani ya saa chache baada ya tukio, kama linakuachia ghafla ukigeuka au ukishuka ngazi, kama linakwama lisikunjike wala kunyooka, au kama huwezi kuweka uzito hatua nne. Hapo acha mpira, na nenda ukaonwe na daktari wa mifupa. Upo Temeke, kwa hiyo Taasisi ya Mifupa Muhimbili haiko mbali nawe. Waeleze lini, ulikuwa unageukia wapi, na lilivimba baada ya muda gani. Majibu hayo matatu yanamsaidia daktari kuliko kusema tu "goti linauma". Eksirei ikitoka safi usifikiri umemaliza, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Muulize kama goti limepimwa kwa mikono kuona kama linacheza, na kama kuna haja ya kipimo cha MRI. Na kama maumivu ni hayo ya kawaida lakini wiki sita zimepita bila nafuu, tafuta mfiziotherapia akuone ukichuchumaa na ukishuka ngazi, maana kuna mambo ya nyonga na kifundo ambayo barua haiwezi kuyaona.